Karatasi ya Kutaka Kazi: Maneno kwa Mafundi wa Stima, Wachomeleaji na Madereva

(Haya ni maneno yaliyosemwa na Kamati ya Elimu mbele ya wanachama wa tawi. Tumeyapiga chapa kwa sababu wengi waliokuwa zamu siku ile wameyaomba.)

Ndugu wanachama,

Wazee walio kati yetu walisimuliwa na baba zao habari za kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumiwa baada ya Vita Kuu ya kwanza. Mwanamume Mwafrika alilazimishwa kutembea nacho, na wengi walikining'iniza shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Humo tajiri aliandika siku mtu alipoanza kazi, siku alipoacha, na mshahara aliopata. Mwenye kipande hakuandika hata neno moja, ingawa habari zote zilikuwa zake.

Siku hizi mambo ni kinyume. Karatasi ya habari za kazi yako, ile ambayo vijana huiita sivii, waiandika wewe mwenyewe. Lakini tumeona jambo ambalo halitupendezi. Tukishapewa kalamu, wengi wetu twaandika sifa badala ya kuandika kazi. Twaandika kwamba sisi ni waaminifu, tuna bidii, na tuna ujuzi wa miaka mingi. Maneno hayo hata mwivi aweza kuyaandika.

Wanachama watatu walikuja ofisini kwetu, kila mmoja na karatasi yake: fundi wa stima, fundi wa kuchomelea vyuma, na dereva wa lori. Wote watatu ni watu wa kazi kweli, nasi twawajua. Wote walikuwa wamepeleka karatasi mahali pengi na hawakuitwa. Basi tulimwomba ndugu yetu mmoja, ambaye ni fomani wa karakana, aketi nasi azisome kama anavyosoma zile zinazofika mezani kwake.

Alituambia hivi: "Asubuhi moja huletewa karatasi sitini, na kazi yangu nyingine yaningoja. Kila karatasi naiuliza mambo matatu. La kwanza, je, mtu huyu ana ruhusa ya kufanya kazi hii leo? La pili, mashine gani hasa imepita mikononi mwake? La tatu, akiwa kazini, watu na mali hubaki salama? Karatasi isiyonijibu naiweka kando, hata kama mwenyewe ni fundi kuliko mimi."

Maswali hayo matatu ndiyo tutakayoyafuata leo, tukiwachukua ndugu zetu mmoja mmoja.

FUNDI WA STIMA: CHETI SI LESENI

Fundi wetu wa stima aliandika: "Nina cheti cha umeme, nimefanya kazi ya waya miaka 11." Fomani akauliza, "Cheti gani? Na leseni iko wapi?"

Hapa ndipo wengi huchanganya. Cheti chasema kwamba umejifunza na umepimwa. Leseni yasema kwamba umeruhusiwa. Hivyo ni vitu viwili, na kila kimoja chataka mstari wake.

Vyeti vya fundi stima wa Kenya hutoka mahali pengi. Kuna mtihani wa ufundi wa NITA, ambao ngazi zake huanza na Gredi ya 3, kisha ya 2, na ya juu ni ya 1. Kuna vyeti vya KNEC kwa waliosoma chuoni. Wazee wana karatasi za ofisi ya mafunzo ya viwanda iliyokuwako kabla ya NITA kuundwa. Ikiwa cheti chako kina jina la ofisi hiyo ya zamani, usilibadilishe. Andika jina kama lilivyo kwenye cheti, na mwaka, ili anayelinganisha karatasi na cheti asione tofauti.

Leseni ya kufunga stima hutolewa na EPRA, na madaraja yake huandikwa kwa herufi na tarakimu: C-2 ndiyo ya chini, kisha C-1, kisha B, na A-1 ndiyo ya juu. Andika daraja, nambari ya leseni, na siku itakapokwisha. Usiache ile siku ya mwisho. Leseni iliyokwisha mwezi uliopita haimruhusu mtu kufanya kazi, na fomani mwenye akili huitazama siku hiyo kabla ya kutazama jina. Ikiwa yako imekwisha na umeomba upya, andika hivyo hivyo: "imeombwa upya tarehe fulani." Huo ni ukweli, na waweza kuonyesha risiti.

Swali la pili ni la mashine. "Kazi ya waya" yaweza kuwa kufunga taa katika nyumba ya vyumba viwili, na yaweza kuwa kutengeneza mota za kinu cha sukari. Tulimwuliza ndugu yetu taratibu, na tukaona kwamba miaka 7 kati ya ile 11 alikuwa kiwandani. Huko alikuwa akitunza mota za fezi tatu, volti 415, kubwa yao ikiwa ya kilowati 37. Alikuwa akifunga na kutengeneza sta-delta, yaani kifaa kinachoiwasha mota kubwa kwa hatua mbili ili isivute stima nyingi mno kwa ghafula. Alikuwa akipima insuleshoni ya mota kwa mega kabla ya kuirudisha kazini. Mambo haya yote hakuwa ameandika hata moja! Alidhani kila mtu anajua kwamba fundi stima hufanya hivyo. Tajiri wa kiwanda anatafuta mtu huyo hasa, naye hawezi kumwona nyuma ya maneno "kazi ya waya".

Kwa hiyo, andika ukubwa. Volti ngapi, fezi moja au tatu, mota ya kilowati ngapi, bodi ya namna gani. Na ulichofanya kiwe kitendo: nilifunga, nilipima, nilitafuta kasoro, nilibadilisha. Ikiwa ulikuwa msaidizi, andika "nilimsaidia fundi". Mtu atakayekupeleka mbele ya bodi siku ya majaribio atajua kwa dakika tano kama uliyaandika yaliyo yako.

Swali la tatu ni usalama. Fundi wetu aliandika "nazingatia usalama". Tukamwambia atueleze anafanya nini kabla ya kugusa waya. Akasema: "Nazima swichi, naifunga kwa kufuli langu, ufunguo naweka mfukoni, natundika kibao chenye jina langu. Kisha najaribu tesita yangu mahali penye stima ili nijue ni nzima, napima pale nitakapofanya kazi, halafu narudi kuijaribu tena tesita." Ndugu, hayo ndiyo ya kuandikwa. Mistari miwili tu inatosha: "Hufanya kazi kwa hati ya ruhusa na kufuli langu mwenyewe, hupima kabla ya kugusa. Miaka 7 kiwandani, kuanzia Machi 2016 hadi Februari 2023, hakuna ajali ya stima katika kazi niliyoishika." Tazama kwamba miaka ina mwanzo na mwisho, na ajali imetajwa ni ya namna gani. Fomani aweza kupiga simu kiwandani akauliza jambo hilo moja, naye atajibiwa.

FUNDI WA KUCHOMELEA: UJUZI WENYE TAREHE

Ndugu yetu wa pili aliandika neno moja kubwa: "Welda wa 6G." Alidhani limetosha.

Kwa wasioijua kazi hii, 6G ni mkao wa jaribio. Bomba hufungwa likiwa limeinama nusu ya njia kati ya kulala na kusimama, yaani digrii 45, wala haliruhusiwi kuzungushwa. Fundi ndiye anayelizunguka, akichomelea juu, ubavuni na chini ya bomba. Anayefaulu hapo huhesabiwa kuwa aweza mikao yote, na ndiyo sababu neno hilo lina heshima.

Lakini fomani aliuliza mara moja: "6G kwa njia gani? Chuma gani? Unene gani? Lini?" Kwa maana jaribio la kuchomelea si kama mtihani wa shule ambao ukifaulu umefaulu maisha yako yote. Lina mipaka. Aliyejaribiwa kwa fimbo za kawaida hakujaribiwa kwa TIG. Aliyejaribiwa kwa chuma cha kawaida hakujaribiwa kwa chuma kisichoshika kutu. Na bomba jembamba halimpi mtu ruhusa ya kuchomelea bomba nene.

Tena jaribio hulala. Kwa kanuni za ASME Sehemu ya IX, ambazo hufuatwa katika kazi nyingi za mabomba na matangi ya presha, fundi asiyetumia njia ile ya kuchomelea kwa miezi 6 au zaidi hupoteza ruhusa yake katika njia hiyo, na hujaribiwa tena. Kanuni za ISO 9606-1 nazo hutaka msimamizi atie sahihi kila miezi 6 kuthibitisha kwamba fundi ameendelea na kazi. Ndugu yetu alikuwa na cheti cha mwaka 2019. Alikuwa amechomelea mabomba mfululizo tangu hapo, lakini hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha hivyo. Kwa macho ya msomaji, cheti chake kilikuwa kimekufa.

Tulimpeleka arudi kwa msimamizi wake wa zamani. Kwa bahati kitabu cha viungo vilivyochomelewa kilikuwa kimehifadhiwa, na kila kiungo kilikuwa na alama ya fundi aliyekichomelea. Akapewa barua yenye tarehe. Basi mstari wake ukawa hivi:

"Jaribio la 6G, 2019, kwa ASME Sehemu ya IX: bomba la chuma cha kawaida, kipenyo inchi 6, unene milimita 11, mzizi kwa TIG, kujaza kwa fimbo E7018, lilipigwa eksirei likapita. Nimeendelea kwa njia zote mbili bila kukatika. Barua ya msimamizi ipo."

Mstari huo ni mrefu kidogo, lakini kila neno lajibu swali. Na katika kitabu kile kulikuwa na hazina nyingine. Viungo vyake 212 vilikuwa vimepigwa eksirei, na 5 tu ndivyo vilivyorudiwa. Hesabu hiyo ni kama mbili na kitu kwa mia. Hakuna sifa inayoweza kushinda tarakimu hizo mbili, nasi tukaziweka mara moja chini ya jaribio. Ikiwa wewe huna kitabu kama hicho, usibuni tarakimu. Lakini kuanzia kesho nunua daftari, uandike mwenyewe: tarehe, kazi, bomba au bamba, unene, fimbo, mkao, na jinsi lilivyopimwa.

Wenye kufanya kazi ya mageti, madirisha na matrela bila jaribio lolote wasikate tamaa kwa maneno haya, wala wasiandike "6G" kwa kuwa jirani ameandika. Andika mashine ulizotumia, kama ni ya transfoma, ya inveta, ya jenereta la dizeli, au ya gesi. Na ampea zake kama wazijua. Andika unene wa chuma ulichozoea. Na mtihani wa ufundi wa NITA upo kwa ajili ya watu waliojifunzia kazini, bila kukaa chuoni.

Kwa usalama, mchomeleaji aandike habari za moto, maana hapo ndipo tajiri anapoogopa. Je, huondoa vitu vinavyoshika moto kabla ya kuanza? Je, kizima moto huwa karibu, na mtu hubaki akilinda baada ya kazi kwisha? Cheche hujificha kwenye vumbi au gunia, na moto ukatokea watu wamekwenda kula. Ndugu yetu aliandika pia: "Sichomelei tangi lililobeba mafuta mpaka lioshwe na lipimwe mvuke." Fomani aliposoma hapo akasema, "Huyu nitamwita." Alikuwa amewahi kuona tangi tupu likipasuka. Tangi tupu lina mvuke ndani, na mvuke ukikutana na hewa na cheche hulipuka kuliko mafuta yenyewe.

DEREVA: USIKU MMOJA NA MIAKA MINANE

Sasa twaja kwa ndugu yetu wa tatu, dereva, ambaye habari yake ilitupa kazi kubwa kuliko wote.

Leseni yake ilikuwa sawa, ila aliiandika vibaya. Alisema "nina leseni ya magari yote". Hakuna leseni ya jina hilo. Madaraja ya NTSA yana herufi: B ni gari dogo, C ni lori, CE ni lori zito lenye trela, D ni gari la abiria, na G ni mitambo ya ujenzi, ya viwanda na ya mashamba. Andika herufi zilizo kwenye leseni yako tu, mwaka ulipopata kila moja, na siku leseni itakapokwisha. Abebaye mafuta ya petroli ataje na kibali chake cha EPRA. Wenye kuendesha foklifti wasifiche neno hilo chini ya "dereva", maana ni kazi nyingine. Waandike inainua tani ngapi.

Kisha lori lenyewe. Fomani hakutaka jina la kampuni iliyolitengeneza tu. Alitaka ekseli ngapi, trela ya namna gani, gia za mkono au za kujiendesha, mzigo gani na njia gani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 yaweka kikomo cha tani 56 kwa lori na trela lenye ekseli 7. Dereva aliyepita mizani ya Mariakani, Mlolongo, Gilgil na Webuye kwa miaka bila kukutwa na uzito uliozidi ana jambo la kuandika.

Tulipofika swali la tatu, ndugu yetu akanyamaza. Karatasi yake ilionyesha kazi moja tu, kuanzia Novemba 2021 hadi Juni 2025, alipoachishwa kwa sababu kampuni ilipunguza malori. Kabla ya hapo aliandika "kazi mbalimbali". Tukamwuliza, "Ndugu, wewe ulianza lori lini?" Akasema 2013. Tajiri wake wa kwanza alikaa naye miaka 8. Mbona hakumtaja? Mwishowe akasema.

Usiku mmoja wa Mei 2021 alikuwa akishuka kutoka Mau Summit kuelekea Salgaa, na mvua ilikuwa ikinyesha. Alianza mteremko kwa gia ya juu akategemea breki ya mguu. Mteremko ule ni mrefu. Breki zilipata moto, zikaanza kupoteza nguvu, naye akaliingiza lori mtaroni kwa hiari kabla halijafika penye magari mengine. Hakuna aliyeumia. Kichwa cha lori kiliharibika, na mzigo ukaloa. Akaachishwa kazi. Tangu siku ile alilifuta jina la tajiri yule kwenye karatasi yake.

Ndugu wanachama, tazameni hesabu hii. Kwa kuficha usiku mmoja, alificha miaka 8 ya kazi njema. Msomaji aliona mtu wa miaka 40 mwenye ujuzi wa miaka 3 na kitu, na mbele yake nafasi tupu. Nafasi tupu humfanya mtu afikiri mabaya kuliko yaliyotokea, pengine gereza au wizi.

Tena ajali haifichiki kama tunavyodhani. Mtu akiumia kazini, sheria ya mwaka 2007 ya fidia ya wafanyi kazi yamtaka tajiri apeleke taarifa serikalini ndani ya siku 7 tangu apate habari. Ikiwa hakuna aliyeumia, bado kuna karatasi za polisi na za bima. Na madereva huongea. Ukiandika "sijawahi kupata ajali" na jambo likajulikana, hutafukuzwa kwa ajali, utafukuzwa kwa uwongo.

Je, basi tuandike kila kitu? La. Hatusemi kwamba kila mkwaruzo wa kioo uandikwe. Kanuni yetu ni hii: usiandike neno ambalo si kweli, na usifute kazi nzima ili kuficha tukio moja. Ikiwa tukio ndilo lililokuondoa kazini, liandike wewe mwenyewe kwa mistari miwili au mitatu: lini, nini, nani aliumia au hakuumia, na umebadilisha nini tangu hapo. Usilaumu. Ikiwa breki zilikuwa na kasoro nawe uliripoti, taja siku uliyoiandika kwenye kitabu cha gari, basi. Mengine utayasema ukiulizwa.

Ndugu yetu alikubali, ingawa kwa shida. Usiku ule hakulala vizuri, alituambia. Hivi ndivyo karatasi yake ilivyokuwa mwishoni, bila jina na nambari zake:

HABARI ZA KAZI

Kazi ninayoomba: dereva wa lori na trela.

Leseni: NTSA, daraja B na CE. CE tangu 2013. Itakwisha (tarehe).

Vyeti: huduma ya kwanza, 2023 (nakala ipo).

Magari: lori la ekseli 3 na trela la ekseli 3, gia za mkono 12 na 16, makontena na mizigo ya magunia.

Novemba 2021 hadi Juni 2025: dereva, Mombasa hadi Kampala. Safari 88 za kwenda na kurudi, kiasi cha kilomita 202,000. Niliachishwa kampuni ilipopunguza malori. Cheti cha utumishi kipo.

Februari 2013 hadi Mei 2021: dereva, Mombasa, Nairobi na Eldoreti. Cheti cha utumishi kipo.

Usalama: Mei 2021, karibu na Salgaa, breki zilipata moto kwenye mteremko, nikaingiza lori mtaroni. Hakuna aliyeumia; lori na mzigo viliharibika. Tangu hapo huteremka kwa gia ya chini niliyoichagua kabla ya mteremko na kwa breki ya injini, na kila asubuhi hukagua breki, hewa na magurudumu na kuandika. Novemba 2021 hadi Juni 2025, hakuna ajali wala uzito uliozidi mizanini.

Wa kuulizwa: msimamizi wa safari (simu), fundi mkuu wa gereji (simu). Wote wamekubali.

Zile kilomita hatukuzibuni. Alikuwa na karatasi zake za safari ndani ya mfuko wa plastiki. Tulizihesabu mezani zikawa 88, na kutoka Mombasa hadi Kampala ni kiasi cha kilomita 1,150.

CHETI CHA UTUMISHI NI HAKI YAKO

Mtaona kwamba karatasi ile yataja cheti cha utumishi mara mbili. Kile cha kwanza hakuwa nacho. Alimwogopa tajiri wake wa zamani, akidhani kwamba angeandika habari za ajali. Tukamsomea sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 51, yasema kwamba mfanyi kazi aliyekaa kazini wiki 4 mfululizo au zaidi ni lazima apewe cheti cha utumishi anapotoka, hata kama amefukuzwa. Ndani yake huandikwa jina na anwani ya tajiri, jina la mfanyi kazi, siku ya kuanza, kazi yenyewe na mahali pake, na siku ya kwisha. Tajiri hashurutishwi kuandika tabia yako. Kukataa kutoa cheti hicho bila sababu ni kosa.

Basi cheti hicho ni uti wa mgongo wa karatasi yako. Tarehe ulizoandika zifanane na zake. Na jina lako liwe moja kila mahali. Ikiwa kitambulisho kina majina matatu na cheti cha ufundi kina mawili, andika yale ya kitambulisho, na chini ueleze kwa mstari mmoja. Peleka nakala, usipeleke cheti chenyewe. Tuna wanachama waliopoteza vyeti vya maisha yao katika bahasha ambazo hazikurudi.

MWISHO

Mtauliza ilikuwaje. Fundi stima aliitwa na kiwanda, akajaribiwa kwenye bodi, na sasa yuko kazini. Mchomeleaji aliitwa, akajaribiwa upya, akapita. Dereva alikataliwa na kampuni ya kwanza, nao walisema wazi kwamba ni kwa sababu ya Salgaa. Hatuwezi kuwaficha jambo hilo. Kampuni ya pili ilimwita, na msimamizi alikuwa na swali moja tu: "Nieleze utauteremkaje mlima ule leo." Ndugu yetu akaeleza tangu juu hadi chini: gia gani, wapi, na kwamba mguu hukanyaga breki kwa nguvu na kwa muda mfupi, kisha huachia ili ipoe. Yule msimamizi, ambaye naye alikuwa dereva zamani, akampa ufunguo wa lori wakaenda kulijaribu barabarani.

Ofisi yetu iko wazi Jumamosi asubuhi. Njooni na vyeti, leseni, madaftari na karatasi zenu zote za zamani, hata zilizochakaa. Tutakaa pamoja tuandike.